Taa ya maili 18 uliyoiona kwenye maili 12

"Wakuu, ramani ya bahari inaonesha taa ya mnara `Fl 10s 25m 18M`. Nilikuwa kwenye boti yetu ndogo ya uvuvi, usiku mweupe, hakuna mvua, GPS ya simu iko sawa. Nimekuja kuiona kwenye maili 12 na kitu. Taa imepungua nguvu, au ramani inadanganya?"

Ndugu yangu, taa haina tatizo na ramani haidanganyi. Ile 18M ni nguvu ya taa tu, yaani umbali ambao mwanga wake ungefika katika hewa ya kawaida, ile ambayo mchana unaona vitu mpaka maili 10 hivi. Haina habari na mgongo wa bahari, ule mviringo wa dunia unaoificha taa iliyo mbali, wala haijui kama wewe umekaa kwenye ngalawa au umesimama juu ya meli. Hesabu hiyo unaifanya mwenyewe, na namba unayoihitaji ni ile 25m, kimo cha taa juu ya maji.

Kanuni wanayotumia mabaharia ni hii:

```
D = 2.08 × (√H + √h)
```

D ni maili za baharini, H ni kimo cha taa kwa mita, h ni kimo cha jicho lako kwa mita. Hiyo 2.08 imeshahesabu kwamba hewa huupinda mwanga kidogo kufuata mgongo wa maji. Bila hewa ingekuwa 1.93.

Kipeuo cha 25 ni 5. Ukikaa kwenye boti ndogo, jicho liko kama mita moja juu ya maji, na kipeuo chake ni 1. Jumla 6, mara 2.08, unapata maili 12.5. Ndipo ulipoiona! Upeo wako wewe mwenyewe hapo ni maili 2 tu. Zilizobaki umepewa na urefu wa mnara.

Mwenzako aliyesimama kwenye boti kubwa, jicho mita 4, ataipata kwenye maili 14.6. Abiria wa meli ya Pemba aliye sitaha ya juu, tuseme mita 9, ataiona kwenye 16.6. Ili uione kwenye maili 18 jicho linatakiwa liwe zaidi ya mita 13 juu ya maji, na hiyo kwa mvuvi ni hadithi. Kumbuka pia kwamba ramani kongwe za Waingereza zilikuwa zikiandika umbali kwa jicho la futi 15, kwa hiyo mzee akikwambia "zamani namba ya ramani ilikuwa kweli", alikuwa na sababu, mradi chombo chake kilikuwa na kimo hicho.

Kwetu kuna jambo jingine: kimo cha taa kwenye ramani hupimwa kutoka maji yaliyojaa ya bamvua. Maji ya bamvua yakitoka hapa Unguja hushuka mita tatu hadi nne, na mnara unakuwa mrefu kwako kwa kiasi hicho hicho. Unaongeza karibu robo tatu ya maili. Si kubwa, lakini usishangae ukiiona mapema usiku wa maji makavu.

Sasa namna ya kuitumia. Ukikaribia, mara nyingi utaanza kuona mmuliko angani, kama kuna mtu anapitisha kurunzi nyuma ya bahari. Hiyo bado si taa. Ngoja mpaka nukta yenyewe itokeze. Hapo kaa, ipotee, simama, irudi. Ikifanya hivyo, iko sawasawa kwenye upeo wako, na umbali wa kanuni ndio umbali wako. Nafanya hivi hata nikiwa na GPS, maana simu huishiwa chaji na mnara hauishiwi.

Kusi likivuma, mkondo wa Nungwi na Pemba una mawimbi ya kutosha kuificha taa kila boti ikishuka bondeni. Utadhani inawaka ovyo, au ni taa nyingine. Hesabu sekunde: ya `Fl 10s` humulika mara moja kila sekunde 10, na wimbi linaweza kukunyima mmuliko mmoja lakini haliongezi wa ziada. Ukiona mimuliko miwili ndani ya sekunde 10, hiyo si taa yako.

Na ikiwa taa haikutokeza ghafla, bali imekuja hafifu ikazidi taratibu, ukikaa haipotei, basi ilishapanda juu ya upeo zamani na kilichokuwa kikiizuia ni ukungu au mvua ya masika. Hapo usitumie kanuni hii kukisia umbali: utakuwa karibu na mwamba kuliko unavyodhani.