Maswali na Majibu: Kutunga Chemshabongo ya Jarida la Shule

Mwalimu, klabu yetu ya Kiswahili inatunga chemshabongo. Maneno mawili ya kwanza yanapishana vizuri, lakini tukifika la tatu au la nne hayaingii tena. Tunakosea wapi?

Angalieni vokali zinaangukia wapi. Maneno mengi ya Kiswahili hupokezana konsonanti na vokali, na karibu yote huishia kwa vokali. Mkiacha mstari mmoja kati ya jibu na jibu, majibu hukutana kwenye kisanduku cha 1, cha 3 na cha 5 tu. Hapo KALAMU inatoa K, L na M, konsonanti tupu, ilhali ASALI inatoa A, A na I. Maneno hayo mawili hayatakutana hata mkeshe. Chagueni kundi moja tangu mwanzo.

Kwa mraba wa visanduku vitano kwa vitano, mimi hupenda maneno ya herufi tano yanayoanza kwa vokali, maana yana vokali mwanzo, katikati na mwisho. Tuanze na ASALI juu. Kutoka A ya kwanza tushushe AJIRA, kutoka A ya katikati tushushe AMANI. Mstari wa tatu sasa unadai I mwanzoni na A katikati: IDADI inakaa.

Kazi ipo kwenye pembe ya mwisho, chini kulia, kwa sababu herufi moja lazima ifunge maneno mawili. Mstari wa chini tayari una A na I, kwa hiyo AKILI na AKIBA yote yanaingia. Lakini ukiweka AKILI, safu ya mwisho itataka neno lenye I tatu. Lipo IDILI, ila mtoto wa darasa la tano halijui. AKIBA inaruhusu IGIZA, neno analolitumia kila siku. Kwa hiyo msiandike mstari wa chini kwa wino kabla ya kupata safu ya mwisho.

```
A S A L I
J # M # G
I D A D I
R # N # Z
A K I B A
```

CH, SH na NG' ziwekwe kisanduku kimoja au viwili?

Kila herufi kisanduku chake, na maneno yenye NG' yaacheni, maana kile kialama cha juu hakina pa kukaa. Lakini msiyakimbie maneno yenye konsonanti mbili pamoja. MBUZI ina M kisanduku cha 1, U cha 3 na I cha 5. M itashika M ya KALAMU pale kwenye kisanduku cha 5, na U itaanzisha USIKU. Neno la namna hiyo ndilo linalounganisha yale makundi mawili mnapotaka mraba mkubwa zaidi.

Toleo lililopita wanafunzi walileta majibu tofauti na yetu, na kusema kweli yao pia yalifaa. Tufanyeje?

Wako sahihi kudai haki yao. Katika mraba kama huu wa juu, anayejaza husaidiwa na vokali peke yake, na vokali hazitofautishi sana. A-A-I inapokea ASALI, AMANI, AJALI na AHADI. Basi kidokezo ndicho kibebe mzigo. "Kitu kizuri" kinafaa kwa asali, kwa amani na hata kwa ahadi. Andikeni "Huvunwa mzingani" kwa ASALI, na "Kinyume cha vita" kwa AMANI. AKIBA nimeipa "Methali husema haiozi", na anayeijua methali hana shaka tena.

Kidokezo pia kifanane na jibu kisarufi. Kwa IGIZA andika "Fanya kama mhusika jukwaani". Ukianza na "Kufanya", umemwelekeza kwenye KUIGIZA, naye atahesabu visanduku na kuona havitoshi. Jibu likiwa la wingi, kidokezo kiwe cha wingi. Na AJIRA usiielezee kwa neno "kuajiriwa", hapo umempa jibu mkononi. "Kazi ya mshahara" inatosha.

Kabla ya kuchapa, mpe vidokezo peke yake mtu ambaye hakushiriki kutunga. Akitoa jibu jingine lenye idadi ileile ya herufi, na herufi zinazopishana hazilikatai, badilisha kidokezo.

Je, majina ya mahali yanaruhusiwa?

Ndiyo, lakini majina mawili yasiyofahamika sana yasipishane. Ziwa EYASI, lililoko kaskazini mwa Tanzania, lipishane na neno kama AMANI, ili asiyelijua ziwa hilo apate A yake kwa njia nyingine. Yakipishana majina mawili, asiyeyajua hana namna ya kuipata herufi ya pale yanapokutana isipokuwa kubahatisha.

Namba tunaziwekaje?

Soma mraba kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, na kila kisanduku kinachoanzisha jibu kipe namba inayofuata. Kinachoanzisha majibu mawili hupata namba moja tu. Kwa hiyo katika mraba wetu, 1 ni ASALI kwenda kulia na pia AJIRA kwenda chini, 2 ni AMANI, 3 ni IGIZA, 4 ni IDADI na 5 ni AKIBA.