Asubuhi mita inasoma 8: je, katriji imekwisha?

*Natunza maabara ya shule hapa Nakuru, maji yetu ni ya kisima, na tunayasafisha kwa katriji ya rezini, yaani punje zinazonasa ioni za chumvi. Asubuhi mita ya kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme inasoma maikrosimensi 8 kwa sentimita, baadaye inashuka hadi 1. Mwenzangu wa Kisumu katriji kama yangu inamkalia miezi, yangu majuma machache tu. Nibadilishe lini?*

Usiibadilishe kwa sababu ya hiyo 8. Maji yakilala ndani ya katriji usiku kucha, ioni chache huachiliwa na rezini na kurudi majini, hivyo yale ya kwanza huwa mabaya hata katriji ikiwa mpya. Yamwage kwa dakika tano hivi ndipo usome. Na usipimie kwenye bika iliyokaa mezani: maji safi hufyonza kaboni dioksidi ya hewani, yakapanda hadi kama 1 bila kosa la rezini. Ingiza mpira wa maji unaotoka kwenye katriji hadi chini ya chupa ndogo, tumbukiza probu ya mita, usome maji yakifurika.

Katriji inayokwisha hutambulika hivi: umemwaga vya kutosha, lakini namba haishuki. Leo 2, kesho 4, halafu ghafla 20. Kiwango cha ISO 3696 kinaruhusu maikrosimensi 5 kwa sentimita kwa maji ya daraja la 3, yanayofaa kazi nyingi za maabara ya shule. Ikipita hapo, toa katriji.

Kuhusu Kisumu, mwenzako hakupata katriji bora, amepata maji yenye chumvi kidogo. Pima maji yako kabla hayajaingia kwenye rezini. Tuseme yanasoma 600. Kila 100 ni takriban milikwivalenti 1 ya chumvi kwa lita, kipimo cha wingi wa ioni ambazo rezini inapaswa kuzinasa, kwa hiyo yako yana 6. Lita moja ya rezini mchanganyiko hubeba kama 500. Katriji ya lita 10 basi hubeba 5,000. Gawanya kwa 6, unapata lita 830 hivi. Maji ya Ziwa Victoria husoma karibu 100 tu, kwa hiyo katriji hiyohiyo ingesafisha kama lita 5,000. Hesabu hii ni ya juu kidogo, maana kaboni dioksidi na silika vilivyomo majini navyo hula rezini, ila mita haivionyeshi.

Hiyo silika ndiyo ningeiogopa zaidi kwako. Visima vya Bonde la Ufa huwa nayo kwa wingi, na rezini huishika kwa ulegevu, kwa hiyo ndiyo hutoroka mapema inapoelekea kuisha. Kwa kuwa karibu haipitishi umeme, mita itasoma 1 huku vyombo vya kioo vikikauka na utando mweupe. Kwa hiyo andika lita unazotoa kila siku, ubadilishe ukifika robo tatu ya hesabu yako, kama lita 600. Ukiweza, funga katriji mbili zikifuatana na upime katikati: ya kwanza ikichoka, ya pili ichukue nafasi yake, mpya ikae nyuma.