Slipu ya fomu foo kwenye picha: alama ya Hisabati imebadilishwa?

"Kijana kanitumia picha ya slipu ya NECTA kwa WhatsApp. C ya Hisabati naiona imekaa tofauti na nyingine. Nitajuaje?"

Ndugu, anza na hesabu kabla ya wino. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na hujumlishwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Tuseme slipu ina masomo saba tu: B moja, C nne na D mbili. Jumla ni 22. Ikiwa imeandikwa pointi 24, kuna mbili zimezidi, na hiyo ndiyo tofauti ya F na C. Wengi hubadili herufi wakasahau jumla.

Akibadili na jumla, kuza picha uchore mstari mwembamba chini ya safu nzima. Karatasi ikikunjwa au picha ikipigwa kwa upande, maandishi jirani huinama pamoja. Herufi moja ikiruka peke yake, itilie shaka. Kwenye jumla, ambayo sasa itasomeka 22, pima pengo kati ya tarakimu, kisha linganisha na namba nyingine humo humo.

Wino hudanganya, maana printa iliyochoka hufifisha mstari mzima. Tafuta herufi moja nyeusi kuliko jirani zake, yenye kingo kali wakati nyingine zina ukungu, au kijisanduku cheupe kuizunguka. WhatsApp hubana picha, kwa hiyo mwombe aitume kama dokumenti.

Halafu fungua matokeo ya shule yake kwenye necta.go.tz, utafute namba yake ya mtihani.