Tiketi tano tu, na zisomwe kabla: ninavyoandaa kikao cha kusafisha baklogi

Zamani kikao chetu cha rifainmenti, yaani cha kusafisha baklogi, ile orodha ya kazi zinazosubiri kufanywa, kilikuwa hivi: Jumatano saa nane mchana, watu wametoka kula, mmoja anashea skrini, anafungua Jira, anaskroli juu chini, anasema "haya tuanze na hii", halafu kimya. Na kile kimya wala si cha kutafakari, ni watu sita wanaisoma tiketi kwa mara ya kwanza kwa wakati mmoja, kila mtu kwa spidi yake, na anayemaliza wa kwanza ndo anaongea na wengine wanamfuata. Saa nzima inaisha tumegusa tiketi tatu, na mbili kati ya hizo tunakuja kugombana nazo tena katikati ya sprinti.

Mimi ni developa, ila kwenye timu yetu ndo nimeachiwa kazi ya kuandaa hicho kikao pamoja na mwenye prodakti. Mfumo wenyewe ni wa vikundi vya kuweka akiba, wanachama wanachangia kwa simu, mfumo unapokea taarifa ya malipo kutoka mtandao wa simu na kumwandikia mtu mchango wake. Naeleza tunavyofanya sasa hivi, na tiketi moja iliyonifundisha zaidi kuliko zote.

Kwanza kuchagua. Kosa letu la mwanzo lilikuwa kuingia kikaoni na baklogi nzima, tiketi mia na kitu, eti tutaenda hadi tutakapofikia. Sasa napiga hesabu ya muda. Kikao ni dakika 60, toa kama 10 za kuanza kwa kuchelewa na kumalizia, zinabaki 50. Tiketi ambayo watu wameshaisoma inatuchukua kama dakika 10 kuijadili, kwa hiyo ni tiketi tano. Naongeza moja ya akiba kama mambo yakienda haraka, basi. Ukiweka 12 watu wanaona orodha ndefu hawasomi hata moja, hilo nimelijaribu mwenyewe.

Hizo tano zinatoka juu ya baklogi, kwa mpangilio alioupanga mwenye prodakti, sio kwa mtu aliyepiga kelele zaidi wiki hiyo. Natumia filta hii:

```
project = VKB AND status = "To Do" AND sprint is EMPTY
AND (labels is EMPTY OR labels != tayari)
ORDER BY Rank ASC
```

Lebo ya `tayari` tunaiweka kwenye tiketi ambayo tumeshaijadili na ikaeleweka. Angalia hapo kwenye `labels is EMPTY`, usiiache, maana ukiandika `labels != tayari` peke yake Jira inakuficha tiketi zote ambazo hazina lebo yoyote, na hizo ndo mpya unazozitafuta. Mimi nilikaa wiki mbili nashangaa mbona baklogi imekuwa fupi hivi.

Nikishapata orodha naruka zile zinazosubiri jibu la nje, mfano tunangoja mtandao wa simu utupe maelezo ya API yao, kuijadili hiyo ni kukisia tu. Halafu naangalia tiketi zenye `tayari` ziko ngapi. Sisi tunamaliza nane au tisa kwa sprinti ya wiki mbili, kwa hiyo zikiwepo kama 15 tayari, wiki hiyo nafuta kikao, watu wafanye kazi. Kuandaa mbele sana kuna hasara yake, tiketi uliyoielewa Machi ukija kuifungua Julai mfumo umeshabadilika na mnaanza upya.

Sasa kusoma, hapa ndo penye utamu. Jumatatu asubuhi, siku mbili kabla, naweka zile tano kwenye grupu letu la kazi na kila tiketi ina msomaji mmoja. Wengine wote wanaombwa waipitie, ila msomaji anawajibika. Sio lazima awe ndo atakayeifanya, na kwa kweli ni bora asiwe yule anayeijua sana sehemu hiyo, kwa sababu anayeijua anajaza mapengo kichwani bila kuona kama ni mapengo. Anapewa kama dakika 20 na anaandika komenti fupi chini ya tiketi: nimeelewa hivi kwa maneno yangu, inagusa sehemu hizi za mfumo, na maswali yangu ni haya. Basi.

Kuna tiketi iliandikwa "Mwanachama aweze kubadilisha namba ya simu". Maelezo mistari miwili: kwenye profaili kuwe na batani ya kubadilisha namba, itumwe meseji yenye tarakimu za kuthibitisha. Ukiiona hivyo unasema pointi mbili, siku moja na nusu, twende. Msomaji alikuwa mimi. Nikaifungua kodi nikaanza na kitu cha kijinga kabisa:

```
grep -rn "namba_simu" src/
```

Ikarudi mistari 23. Nilitegemea minne au mitano. Nikafuatilia mmoja mmoja nikakuta jedwali la malipo halihifadhi namba ya uanachama, linahifadhi namba ya simu iliyolipa, na ile ripoti ya michango anayoiona mwanachama inatafuta kwa namba ya simu. Maana yake mama aliyechangia miaka miwili akibadilisha namba leo, kesho akifungua anaona sifuri. Hela zipo, hazijapotea, ila yeye anaona sifuri, na ukiwajua watu wa vikundi unajua simu zitakazopigwa siku hiyo.

Nikasema hebu niangalie kitu kingine kwenye nakala ya databesi:

```
SELECT namba_simu, COUNT(*)
FROM wanachama
GROUP BY namba_simu
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Namba 14 zina wanachama zaidi ya mmoja. Mama na binti wanatumia simu moja, mzee anatumia ya mjukuu. Malipo yao mfumo ulikuwa unampa wa kwanza kusajiliwa, halafu mweka hazina wa kikundi anarekebisha kwa mkono, na sisi ofisini tulikuwa hatujui kabisa.

Hapo sijatengeneza chochote, nimesoma tu, kama dakika 40 (ndio, nilizidisha). Nikaandika komenti na maswali matatu. Mtu anabadilisha namba kwa sababu gani hasa? Zile tarakimu zinatumwa namba ya zamani au mpya? Na akisahau akalipa kwa namba ya zamani baada ya kubadilisha, mchango unaenda wapi?

Mwenye prodakti alisoma Jumatatu jioni, na hii ndo faida ambayo sikuitegemea, alikuwa na siku nzima ya kuuliza. Akawapigia makatibu wa vikundi watatu. Jibu likaja kwamba wengi simu imepotea na laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, mtoto au shemeji aliyehama, kwa hiyo kuirudisha hawawezi wananunua mpya. Sasa ukituma tarakimu namba ya zamani hazimfikii. Ukizituma namba mpya, unathibitisha tu kwamba huyu mtu ana laini mpya, hujathibitisha kwamba ni yeye mwenye akiba. Tena namba iliyoachwa muda mrefu mtandao unaweza kumuuzia mtu mwingine, kwa hiyo kuiacha imefungwa kwenye akaunti ya mama huyu nako ni hatari. Angeulizwa hayo Jumatano kikaoni angesema "ngoja nikaulize" na tiketi ingerudi wiki mbili baadaye.

Jumatano tulitumia dakika 15 tukaikata vipande vitatu. Cha kwanza, malipo yafungwe kwa namba ya uanachama na yale ya zamani yahamishwe, isipokuwa zile namba 14 ambazo waweka hazina watazitenganisha kwa kuangalia daftari zao. Hicho tulikipa pointi 5. Cha pili, katibu wa kikundi ambaye anamjua mtu kwa sura ndo abadilishe namba, na mweka hazina akubali, yaani watu wawili, pointi 3. Cha tatu, mwanachama ajibadilishie mwenyewe, hatukukipa pointi yoyote na hakikuwekewa `tayari`.

Kuna mambo yanaharibu huu utaratibu na yote tumeyapitia. La kwanza ni msomaji kuandika pointi kwenye komenti. Akiandika "naona 3", kikaoni wote wanazunguka kwenye 3, hata yule aliyekuwa anawaza 8 anajitilia shaka anaishia 5. Sasa ni marufuku, pointi zinatajwa kikaoni na kwa pamoja. La pili ni msomaji kuja na suluhisho kamili, kashachora majedwali, watu wakiuliza anatetea mchoro wake badala ya kujibu swali. Mimi huyo nilikuwa mkosaji mkubwa aisee. La tatu, jibu linatolewa kwenye komenti na linabaki hukohuko, maelezo ya juu ya tiketi hayabadilishwi, atakayeifanya wiki tatu baadaye anasoma juu tu anajenga kitu cha zamani. Kwetu swali likijibiwa, msomaji ndo anahamishia jibu juu.

Na watu wasiposoma je? Utajua ndani ya dakika mbili, swali la kwanza litakuwa "hii inahusu nini?". Mwanzoni nilikuwa nanuna. Siku hizi nikiona hivyo nasema tunyamaze dakika nne kila mtu asome kwenye laptopu yake, sio kwenye skrini moja, na kama msomaji mwenyewe hajasoma tiketi inatolewa inaingia ile ya akiba. Testa wetu alikuja kuniambia, "Kaka, tatizo unazituma Jumatatu saa tano na stendapu imeshapita, saa hizo kila mtu ameshazama." Nikahamisha saa tatu kabla ya stendapu, na wasomaji wanaongezeka kweli.

Wapo wanaolalamika kwamba kusoma kabla ni kazi juu ya kazi. Mwongozo wa Skramu wa zamani ulikuwa unasema kusafisha baklogi kwa kawaida kusizidi asilimia 10 ya uwezo wa timu, toleo la 2020 likaiondoa hiyo namba. Ila tuichukue tu kama kipimo: kwenye sprinti ya siku 10 za kazi ni siku moja nzima kwa kila mtu. Sisi tuna vikao viwili vya saa moja, na dakika 20 za kusoma kabla ya kila kimoja, hata ukiongeza za kupitia tiketi za wenzako hufiki saa nne.

Kile kipande cha tatu bado kipo kwenye baklogi. Kila Jumatatu filta inanionyesha, na kila Jumatatu nakiruka, kwa sababu makatibu walipopewa cha pili hakuna kikundi kilichokuja kukiulizia.