Kabla Hujabomoa Ua wa Jirani, Tafuta Bikoni

Juzi msomaji mmoja kanitumia ujumbe: "Dada, jirani kajenga ukuta ndani ya kiwanja changu. Fundi nishapatana naye, tunabomoa Jumapili wakiwa kanisani." Nimemjibu asithubutu. Haya mambo nimeyapitia hapa Ipuli, Tabora, na sijifichi, bado yananikera.

Kati yangu na jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, kulikuwa na ua wa minyaa tulioukuta wote wawili. Siku moja mzee akaung'oa, akachimba msingi wa ukuta wa tofali. Nilipotoka kazini niliona mtaro unapita karibu na kibaraza changu kuliko ua ulivyokuwa. Kumbe si mtaro tu. Mwembe wangu ulikuwa na matawi yanayoning'inia juu ya paa lake. Vijana wake walikuwa wameingia uani kwangu, wakapanda mti na kuyakata hadi shinani.

Nikamfuata. "Shikamoo mzee. Nani kakupa ruhusa?"

"Marahaba. Mwanangu, majani ya mwembe wako yameziba mfereji wa paa langu miaka yote, maji yanarudi ndani. Ulitaka nifanyeje?"

Hapo kila mtu alikuwa na haki yake, na kila mtu aliichanganya na ya mwenzake. Matawi yanayovuka mpaka na kuziba mfereji wa mtu ni kero kisheria, mradi usumbufu uwe wa kweli, si jani moja moja. Mwenye kukerwa anaruhusiwa kukata kilichovuka, lakini akiwa upande wake, na aishie mpakani. Alichokata bado ni mali ya mwenye mti. Mzee angeweka ngazi kwake akakata, nisingekuwa na la kusema. Vijana walipokanyaga uani kwangu bila idhini, kesi ikageuka: kuingia kwenye ardhi ya mtu ni kosa la madai hata kama hujavunja kitu. Na mtaro nao ukizidi mpaka, ni uvamizi uleule, hata mchimbaji akiwa hana nia mbaya.

Sasa mpaka uko wapi? Mimi nilisema ni ua, mzee akasema ua ulipandwa na watu, haukupimwa. Alikuwa sahihi, ingawa ilinichukua muda kumeza. Minyaa hunenepa na kupinda. Kwenye kiwanja kilichopimwa mpaka ni mstari ulionyooka kutoka bikoni, alama ya mpimaji iliyo kwenye kona, hadi bikoni nyingine, hata kama ua unapita pengine. Tukafukua kona: bikoni ya barabarani ipo, chuma kimesimama ndani ya zege, na namba yake, lakini ya nyuma haionekani. Msijaribu kuisimika wenyewe, ndugu zangu. Kuhamisha au kung'oa bikoni ni kosa la jinai. Tuliomba mpimaji wa halmashauri aje kufufua mipaka. Ramani ya upimaji ina vipimo vya kila kona, kwa hiyo bikoni ikipotea, mahali pake hupatikana. Akavuta kamba. Mbele mtaro ulikuwa sawasawa na mstari. Kadiri unavyokwenda nyuma ulizidi kuingia kwangu, mwisho ukafika sentimita sabini.

Tukaenda Baraza la Kata. Jueni hili: tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021, baraza hilo haliamui tena ardhi ni ya nani, linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa hati kwamba suluhu haikupatikana, ndipo unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda huko hata bila hati. Anayekuambia uanzie wilayani moja kwa moja anakupotezea nauli.

Sisi hatukufika wilayani. Mzee alishaiona kamba, kwa hiyo pale barazani alikubali kufukia mtaro. Mimi niliacha fidia ya matawi, yeye akaacha ya mfereji. Ukuta ukajengwa katikati ya mstari, gharama nusu kwa nusu, na mwembe naupunguza mimi kila mwaka msimu wa maembe ukiisha.

Tuliandika yote, tukasaini mbele ya mashahidi, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, na mchoro wa mpimaji tukaubana pamoja na karatasi. Andikeni hadi vitu vidogo. Kisheria embe langu likianguka kwa mzee bado ni langu, sasa nani atagombana na wajukuu wake? Tukaandika kwamba yaliyoanguka kwao ni yao.

Kasoro moja niliigundua baadaye: karatasi ile inatubana sisi tuliosaini. Mzee akiuza kesho, mnunuzi hadaiwi nusu ya gharama ya kukarabati ukuta wala hafungwi na habari ya maembe, mpaka akubali mwenyewe. Mpaka wenyewe hauna shida hiyo, maana bikoni zipo na ramani iko halmashauri. Kwa hiyo nimemwambia mzee, siku akipata mteja, amlete kwangu kabla hawajaandikishana.