Alitikisa mkia, kisha akaning'ata

"Mbwa wa jirani alikuwa anatikisa mkia, nikamshika kichwa, akaning'ata. Si alikuwa na furaha?"

Pole sana. Mkia ukitikisika ujue mbwa amesisimka tu. Furaha ni habari nyingine. Anayekukaribisha huupeperusha kwa upana, mpaka kiuno kinayumba, na mwili wote umelegea. Ukiuona umesimama juu, mkavu, unatetemeka upesi, masikio yameelekea mbele na mwili umeegemea miguu ya mbele, huyo anakuonya. (Wenye mkia uliojikunja kiasili watakuchanganya, hao watazame mwili.) Masikio yakilala nyuma na mkia ukibanwa chini ni woga, na mwoga naye huuma.

Ninachokiogopa zaidi ni kuganda: unampapasa, ghafla anafumba mdomo na kukakamaa. Ondoa mkono taratibu, mgeuzie ubavu.