Tangazo la Salamu za Sikukuu Huanza na Hesabu ya Oveni

Anayeanza kazi ya bekari hupewa mara nyingi jukumu la kuandika tangazo la salamu za sikukuu, lile linalowatakia wateja heri na papo hapo kuwaalika waagize vitamutamu mapema. Wengi hudhani ugumu wake ni kutafuta maneno matamu. Maneno ya heri hayana shida, kwa kuwa sentensi moja yenye adabu inatosha. Kinachohitaji akili ni tarehe ya mwisho ya kupokea oda, kwa sababu tarehe hiyo ni ahadi, na ahadi ya bekari hupimwa kwa trei, saa na mikono iliyopo. Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu, nenda kwa mwokaji mkuu ukiwa na karatasi ya hesabu.

Tuchukue mfano wa bekari ndogo inayouza biskuti za siagi katika masanduku ya biskuti 24. Oveni yake inaingia trei 4, kila trei ina biskuti 24, na mzunguko mmoja, pamoja na kutoa na kuingiza trei, unachukua dakika 20. Hiyo ni mizunguko 3 kwa saa, yaani masanduku 12. Ikiwa oveni inapatikana kwa biskuti hizi saa 6 kwa siku, mkono wa haraka utaandika masanduku 72 kwa siku na kufunga daftari. Usifunge bado. Sanduku moja linahitaji kupangwa, kufunikwa, kufungwa utepe na kubandikwa lebo, na kwa mfungaji mmoja kazi hiyo huchukua kama dakika 6 ikiwa anaifanya vizuri. Katika saa 6 atamaliza masanduku 60. Kinachoamua uwezo wa bekari hii, basi, ni meza ya kufungia wala si oveni, na ukikubali oda 72 utakuwa unajilimbikizia biskuti zilizopoa ambazo hazina sanduku. Huwezi pia kuharakisha kwa kuzifunga zikiwa na joto, kwani mvuke unaobaki ndani ya sanduku huzilainisha, na biskuti iliyotoka oveni ikivunjika kwa mlio humfikia mteja ikiwa inapinda kama mkate.

Sasa tupange siku. Tuseme sikukuu inaangukia Jumapili, na wateja watachukua mizigo yao Jumamosi. Biskuti kavu za siagi hustahimili siku kadhaa zikihifadhiwa mahali pasipoingia hewa, kwa hiyo mnaweza kuoka Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, siku 3 za masanduku 60, jumla 180. Weka pembeni 20 kwa ajili ya zitakazovunjika, zitakazoungua kingo na makosa ya lebo; zinabaki 160 za kuuza kwa oda. Jumanne ni ya kununua unga, siagi na mayai kulingana na idadi halisi. Kwa hesabu hiyo oda zinafungwa Jumatatu jioni, siku 6 kabla ya sikukuu, na tangazo linapaswa kuwa limetoka walau wiki moja kabla ya hapo. Keki za krimu zisiingizwe katika tangazo hili. Hizo huhitaji jokofu na hazivumilii kusubiri, hivyo ziandikiwe tangazo lake lenye siku zake. Na ikiwa sikukuu yenyewe inategemea kuandama kwa mwezi, hesabu kutoka siku ya mapema zaidi kati ya zile mbili zinazowezekana. Biskuti kavu haitadhurika kwa kungoja siku moja zaidi, ilhali mteja aliyekosa sanduku lake siku ya sikukuu huna cha kumfariji.

Hapo ndipo unapoandika. Kwa mfano wetu, tangazo lingeweza kusomeka hivi:

"Tunawatakia nyote heri ya sikukuu, na tunapokea oda za masanduku ya biskuti za siagi hadi Jumatatu, tarehe 14, saa 12 jioni. Kila sanduku lina biskuti 24. Zina ngano, siagi, mayai na lozi. Oda inathibitishwa kwa kulipa nusu ya bei. Mizigo itachukuliwa Jumamosi, tarehe 19, kwa muda utakaouchagua: saa 2 hadi saa 4 asubuhi, saa 4 hadi saa 6 mchana, au saa 6 hadi saa 8 mchana. Tafadhali tuandikie jina, namba ya simu, idadi ya masanduku na muda wako wa kuchukua."

Tazama kwamba salamu na tarehe ya mwisho ziko katika sentensi moja ya kwanza. Kwenye simu, tangazo refu hukatwa baada ya mistari michache, na anayesoma upesi huishia hapo. Ukijaza mistari hiyo maua na dua pekee, ataondoka amebarikiwa lakini bila kujua kwamba mnapokea oda. Siku ya wiki imeandikwa pamoja na tarehe kwa kuwa "Jumatatu" peke yake haina maana kwa mtu aliyeliona tangazo siku nyingi baadaye. Viambato vimetajwa kwa sababu zawadi ya sikukuu huliwa na watu ambao mnunuzi hajui wote miili yao inakataa nini, na lozi si jambo la kugunduliwa mezani. Muda wa kuchukua nao una hesabu yake: ikiwa masanduku 160 yamenunuliwa na wateja 120, na kila mmoja anahudumiwa kwa dakika 3, mhudumu mmoja anahitaji saa 6 kamili. Wakija wote asubuhi, foleni itafika barabarani. Kwa hiyo kila kipindi cha saa 2 kisipokee zaidi ya wateja 40.

Kuhusu picha, piga sanduku lenyewe litakalouzwa, kwa mwanga wa mchana, likiwa limefunguliwa ili idadi ionekane. Kisha andika tarehe ya mwisho ndani ya picha pia. Watu husambaza picha na kuyaacha maelezo nyuma, na picha isiyo na tarehe itaendelea kuwaletea wateja hata baada ya oda kufungwa, kila mmoja akiamini amewahi. Maelezo kamili, hata hivyo, yabaki kwenye maandishi, kwa sababu picha haisahihishwi ikishatoka mikononi mwenu.

Oda zinapoingia, ziandike kwenye orodha moja tu, hata kama zinatoka kwa simu, ujumbe na dukani, na uhesabu zile zilizolipiwa nusu ya bei pekee. Dalili ya kwamba orodha imeanza kuharibika ni mteja kuuliza kama oda yake ilipokelewa. Aliyejibiwa kwa idadi, kiasi alicholipa na muda wa kuchukua hana sababu ya kuuliza. Idadi ikifika 160 kabla ya Jumatatu, usingoje tarehe. Badilisha sentensi ya kwanza ya tangazo siku hiyohiyo: salamu ibaki, na mahali pa mwaliko uandike kwamba oda zimejaa. Masanduku yatakayosalia katika yale 20 ya akiba yauzwe Jumamosi baada ya saa 8 mchana kwa atakayetangulia, bila kumwekea mtu.